Kilichouzwa na Kilicholetwa: Uchambuzi wa Barua ya Kuomba Kubadilishiwa Runinga

Utangulizi

Barua rasmi ni miongoni mwa tungo ambazo mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya hufundishwa mapema. Afikapo chuo kikuu huwa amekwisha kukariri umbo lake: anwani ya mwandishi, tarehe, anwani ya mwandikiwa, mtajo, kichwa kinachotanguliwa na KUH, mwili na hitimisho. Hata hivyo, kulijua umbo si sawa na kuijua kazi ya barua. Barua inaweza kukamilika kwa umbo na bado ikampotezea mwandishi wake haki aliyokuwa nayo kabla ya kushika kalamu. Makala haya yanachunguza jambo hilo kupitia barua moja ya kawaida, yaani barua ya mnunuzi aliyeletewa runinga isiyo ya ukubwa aliolipia.

Mazingira ya barua hiyo ni miji iliyouzunguka Mlima Kenya. Mji wa Nyeri una maduka ya vifaa vya umeme ambayo wateja wake hutoka Karatina, Othaya, Mukurwe-ini, Nanyuki na kwingineko. Mteja wa mbali aghalabu huagiza kwa simu, hulipa kwa M-Pesa, kisha mzigo husafirishwa kwa matatu au kwa pikapu ya duka. Kwa hiyo mnunuzi hukiona kifaa chenyewe kwa mara ya kwanza akiwa nyumbani, baada ya fedha kutoka mfukoni mwake. Kosa likitokea, maneno ndiyo chombo pekee alichobaki nacho.

Kisa kinachochambuliwa

Ili uchambuzi uwe na mashiko, mfano ufuatao umebuniwa. Mwalimu mmoja wa Karatina aliagiza kwa simu runinga ya inchi 43 kutoka duka moja mjini Nyeri. Siku ya Alhamisi, tarehe 8 Mei 2025, alilipa shilingi 36,000 za runinga na shilingi 500 za usafiri. Duka lilimtumia risiti iliyotaja runinga moja ya inchi 43. Jumamosi, tarehe 10 Mei, saa kumi jioni, dereva alimfikishia katoni moja iliyofungwa. Mwalimu alitia sahihi kwenye hati ya kupokelea mzigo, dereva akaenda zake. Alipoifungua katoni alikuta runinga ya inchi 40. Katika duka lilo hilo, runinga ya inchi 40 iliuzwa kwa shilingi 31,000. Jioni hiyo hiyo alipiga simu dukani, akajibiwa na mhudumu kwamba sahihi yake imekwisha kupatikana na kwamba chini ya kila risiti mna maneno yasemayo bidhaa zikishauzwa hazirudishwi.

Akiwa na hasira, mwalimu aliandika rasimu hii:

"Ningependa kuchukua nafasi hii kuwaandikia barua hii ili kuwajulisha kwamba TV mliyoniletea ni ndogo sana na familia yangu haikuipenda. Inaonekana mna mazoea ya kuwapunja wateja. Nataka mbadilishe haraka iwezekanavyo, la sivyo mtaniona mahakamani."

Rasimu hii haina kosa kubwa la sarufi. Msomaji wa haraka angeiona kuwa barua kali na yenye nguvu. Kwa hakika ni dhaifu mno, na udhaifu wake umejificha katika maneno matatu: "ndogo", "haikuipenda" na "mbadilishe".

"Ndogo" na "haikuipenda"

Sifa "ndogo" ni ya ulinganishi. Kitu huwa kidogo kikilinganishwa na kingine, na rasimu haisemi ni kipi. Runinga inaweza kuwa ndogo kwa sebule, ndogo kuliko ya jirani, au ndogo kuliko ile iliyoagizwa. Ni ulinganisho huu wa mwisho pekee unaomhusu muuzaji. Kitenzi "haikuipenda" huongeza balaa, kwa kuwa hulitoa suala katika makubaliano na kulitia katika hisia. Meneja akisoma maneno hayo mawili kwa pamoja, tafsiri iliyo karibu zaidi ni kwamba mnunuzi alipata alichoagiza, kisha akajuta.

Tofauti kati ya kujuta na kuletewa kisicho chenyewe ni kubwa kisheria. Mtu aliyepata alichonunua na kubadilisha nia dukani hutegemea hisani ya muuzaji. Aliyeletewa kitu kisicholingana na maelezo ya mauziano hana haja ya hisani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inaeleza katika kifungu cha 15 kwamba bidhaa zikiuzwa kwa maelezo, huwa kuna sharti, hata kama halikutamkwa, kuwa bidhaa hizo zitalingana na maelezo yenyewe. Maneno "runinga ya inchi 43" kwenye risiti ndiyo maelezo hayo. Kwa hiyo barua haina budi kuondoa kila neno linaloweza kumfanya mwalimu aonekane kuwa mtu wa kujuta.

Badala ya sifa, barua itumie kipimo. Kipimo nacho kina mtego wake. Ukubwa wa runinga hupimwa kwa mshazari, yaani kutoka pembe ya chini ya upande mmoja wa kioo hadi pembe ya juu ya upande wa pili, bila kuhesabu fremu. Inchi moja ni sentimita 2.54, basi mshazari wa inchi 43 ni takriban sentimita 109, na wa inchi 40 ni takriban sentimita 102. Mnunuzi asiyejua haya huweza kutandaza utepe wake kwa upana. Runinga halali ya inchi 43 yenye umbo la kisasa la 16 kwa 9 ina kioo cha upana wa sentimita 95 hivi, ambazo ni sawa na inchi 37 na nusu. Mnunuzi huyo ataandika barua ya kulalamika kuwa amepunjwa, na meneja ataicheka. Aidha, watengenezaji hukaribisha tarakimu: kioo cha inchi 42 na nusu huuzwa kama cha 43. Tofauti ya sentimita moja si hoja. Tofauti ya sentimita saba ni hoja.

Ushahidi ulio imara kuliko utepe ni nambari ya modeli. Nambari hii huandikwa mahali patatu: kwenye risiti iliyoandikwa kwa uangalifu, ubavuni mwa katoni na kwenye kibandiko kilicho mgongoni mwa runinga. Mara nyingi tarakimu za ukubwa huwa ndani ya nambari hiyo. Ikiwa risiti inasema 43 ilhali katoni na mgongo wa runinga vinasema 40, kosa lilitokea ghalani, mtu alipochukua katoni isiyo yake. Ikiwa katoni inasema 43 lakini mgongo unasema 40, suala ni jingine: vifaa vilibadilishwa ndani ya katoni, na barua itakuwa na swali zito zaidi la kuuliza. Katika kisa hiki risiti ilikuwa na 43, nayo katoni na kibandiko vikawa na 40. Mwandishi anapaswa kueleza hilo kwa sentensi moja, kwa kuwa humsaidia meneja kupata chanzo cha kosa bila kumshuku mtu.

Ujumbe wa M-Pesa huambatanishwa pia, ila ufahamike unathibitisha nini. Ujumbe huo una msimbo wa muamala, tarehe, kiasi na jina la aliyelipwa. Hauna inchi. Huthibitisha kwamba fedha zililipwa. Risiti ndiyo huthibitisha zililipiwa nini. Hapa wahenga hawakukosea waliposema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

"Bidhaa zikishauzwa hazirudishwi"

Jibu la mhudumu lilikuwa na nguzo mbili. Ya kwanza ni tangazo lililo chini ya risiti. Wengi wakiliona hukata tamaa, au hulijibu kwa kulalamika kuwa ni la uonevu. Njia iliyo bora ni kulisoma kama matini. Kiima cha tangazo ni "bidhaa zikishauzwa". Je, bidhaa iliyouzwa ni ipi? Risiti inajibu: ni runinga ya inchi 43. Runinga hiyo ingali dukani. Iliyo Karatina haikuuzwa kwa mtu yeyote, ililetwa tu. Tangazo linahusu kilichouzwa, ilhali mwalimu anarudisha kilicholetwa. Kwa hiyo hakuna haja ya kupigana na tangazo, kwani halimgusi.

Ikumbukwe pia kuwa tangazo la duka haliwezi kuizidi sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inawapa watumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha na haki ya kupata habari wanazohitaji ili wafaidi bidhaa hizo. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 haikubali makubaliano yanayomwondolea mtumiaji haki inazompa. Hata hivyo, si busara kuzirundika sheria katika barua ya kwanza. Utofautishaji wa "iliyouzwa" na "iliyoletwa" hufanya kazi hiyo bila kumtisha mtu.

Nguzo ya pili ni sahihi ya mwalimu kwenye hati ya kupokelea mzigo. Hapa pia maana ya kitenzi ndiyo msingi. Kupokea si kukubali. Aliyepokea katoni iliyofungwa ameshuhudia kuwa katoni imefika. Hajashuhudia kilicho ndani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inampa mnunuzi ambaye hakuiona bidhaa kabla fursa ya kutosha ya kuikagua, na hadi apate fursa hiyo hahesabiwi kuwa ameikubali. Lakini fursa hiyo ina kikomo. Mnunuzi huhesabiwa kuwa ameikubali bidhaa akimweleza muuzaji hivyo, akiitumia kama mali yake kwa namna isiyopatana na kuikataa, au akikaa nayo kwa muda wa kutosha bila kusema neno. Hii ndiyo sababu simu ya Jumamosi jioni na barua ya Jumatatu zina uzito. Mwalimu angeitundika runinga ukutani, akatazama michezo kwa wiki tatu, kisha akaandika, barua yake ingekuwa na maneno yale yale na nguvu iliyopungua sana.

Kosa jingine la mara kwa mara ni kuichanganya waranti na suala hili. Waranti ya mtengenezaji hushughulikia kifaa kilichoharibika. Runinga ya inchi 40 inayofanya kazi vizuri haijaharibika. Mwandishi anayetaja waranti katika barua yake hutumwa kwa fundi, na fundi humwambia, kwa haki kabisa, kwamba runinga ni nzima.

Kitenzi "kubadilishiwa"

Neno la tatu katika rasimu ni "mbadilishe". Mnyambuliko huu ni pungufu kwa sababu hauonyeshi wanaohusika. Kubadilisha runinga kwaweza kuwa kubadilisha mipangilio yake, rangi yake au mahali pake. Kubadilishana huhitaji pande mbili zinazopeana, kana kwamba mwalimu naye ana bidhaa ya kuuza. Kitenzi kinachofaa ni "kubadilishiwa". Kauli ya kutendewa humweka mwandishi mahali pa mnufaika na kumweka mwandikiwa mahali pa mtenda, japo hakutajwa. Hata hivyo, mnyambuliko huu pekee hautoshi. Lazima kilichopo na kinachotakiwa vyote vitajwe: "kubadilishiwa runinga hii ya inchi 40 na kupewa ya inchi 43 niliyoilipia".

Mnyambuliko huo huo hutatua tatizo la lawama. "Mliniletea runinga isiyo sahihi" humnyooshea mwandikiwa kidole. "Kulitokea makosa" humficha kila mtu, hata anayepaswa kurekebisha. "Nililetewa runinga ya inchi 40" hueleza tukio na aliyeathirika bila kutamka shutuma. Kauli ya rasimu kwamba duka lina "mazoea ya kuwapunja wateja" haifai kabisa. Mwandishi hana ushahidi wa mazoea. Ana ushahidi wa katoni moja. Zaidi ya hayo, kauli hiyo humfanya meneja ajitetee badala ya kutafuta runinga ya inchi 43.

Jambo la ndani zaidi ni kwamba barua hii ina vitendo uneni viwili, navyo si sawa. Cha kwanza ni kukataa. Mnunuzi anatamka kuwa haikubali bidhaa iliyoletwa; tamko hilo lenyewe ndilo tendo, wala halihitaji ruhusa ya muuzaji. Cha pili ni kuomba. Sheria ya mauzo humpa mnunuzi nguvu ya kukataa bidhaa isiyolingana na maelezo na kudai fedha zake. Kupewa nyingine badala yake hutegemea maafikiano ya pande mbili, hasa ikiwa ghala halina nyingine. Rasimu imevichanganya vitendo hivi katika neno "nataka". Barua nzuri huvitenganisha: hutamka kukataa kwa uthabiti, kisha huomba kubadilishiwa kwa adabu, na mwishoni hutaja njia mbadala endapo ombi haliwezekani.

Adabu haimaanishi kuzungukazunguka. "Ningependa kuchukua nafasi hii kuwaandikia barua hii" ni maneno saba yasiyobeba habari yoyote. Yameigwa kutoka kwa mazoea ya Kiingereza, na hali ya masharti ya "ningependa" humwacha msomaji akingoja sharti lisilokuja. Kiswahili kina "naomba", kitenzi chenye adabu na uwazi kwa pamoja. Vivyo hivyo, "haraka iwezekanavyo" ni muda usio na mwisho. Muuzaji anaweza kudai kila siku kuwa bado haijawezekana. Tarehe ndiyo dawa yake.

Kuna pia suala la tahajia linalowahusu waandishi wa eneo hili. Gikuyu haitofautishi /l/ na /r/ kama Kiswahili kinavyofanya, na athari yake huonekana katika maandishi. Barua hii imejaa maneno ya sauti hizo: runinga, risiti, nililipa, ililetwa, kurudisha, kurejeshewa. Neno "runinga" lenyewe huandikwa pia "luninga" na baadhi ya waandishi, kwa hiyo lolote likichaguliwa litumiwe hadi mwisho. Lakini "lisiti" na "niriripa" hayana utetezi, na katika barua inayodai usahihi wa kipimo humshushia mwandishi hadhi.

Barua iliyosahihishwa

Baada ya uchambuzi huo, barua ya mwalimu ingeweza kuwa hivi. Majina, anwani na nambari zimeachwa wazi.

S.L.P. ......,
Karatina.

12 Mei 2025.

Kwa Meneja,
Duka la ......,
S.L.P. ......,
Nyeri.

Bwana/Bibi,

KUH: KUBADILISHIWA RUNINGA YA INCHI 40 ILIYOLETWA BADALA YA INCHI 43, RISITI NAMBARI ......

Mnamo tarehe 8 Mei 2025 nilinunua kwenu, kwa simu, runinga moja ya inchi 43 kwa shilingi 36,000, na kulipa shilingi 500 za usafiri hadi Karatina. Nakala ya risiti na ya ujumbe wa malipo zimeambatanishwa.

Tarehe 10 Mei 2025, saa kumi jioni, nililetewa katoni moja iliyofungwa. Nilipoifungua nilikuta runinga ya inchi 40. Ukubwa huo umeandikwa ubavuni mwa katoni na kwenye kibandiko kilicho mgongoni mwa runinga, na mshazari wa kioo ni sentimita 102. Picha zimeambatanishwa. Niliwaarifu kwa simu jioni hiyo hiyo.

Runinga iliyoletwa si ile iliyouzwa kwa risiti iliyotajwa. Kwa sababu hiyo siikubali. Sahihi yangu kwenye hati ya kupokelea mzigo ilithibitisha kufika kwa katoni, kabla haijafunguliwa. Runinga imerudishwa katika katoni yake pamoja na vifaa vyake vyote, haijatumiwa wala kutundikwa, nami naitunza hadi mtakapoichukua.

Naomba kubadilishiwa runinga hiyo na kuletewa ya inchi 43 niliyoilipia, bila gharama zaidi ya usafiri kwa upande wangu, kufikia Jumatatu tarehe 19 Mei 2025. Endapo hamna runinga ya inchi 43, naomba kurejeshewa shilingi 36,500 kufikia tarehe hiyo hiyo.

Nitashukuru mkinijulisha siku ambayo dereva atafika. Napatikana nyumbani kila siku baada ya saa kumi jioni.

Wako mwaminifu,

(Sahihi)

Ufafanuzi wa barua

Mambo machache katika barua hii yanahitaji kuelezwa. Kwanza, kichwa kinataja vipimo vyote viwili na nambari ya risiti, hivi kwamba karani anayefungua barua ataipeleka kwa mhusika bila kusoma mwili. Kichwa kama "KUH: MALALAMIKO" kingemweleza hali ya moyo wa mwandishi tu.

Pili, kiwakilishi cha wingi kimetumiwa kwa meneja mmoja: "kwenu", "hamna", "mkinijulisha". Wingi huu una kazi mbili. Ni wa heshima, na pia huonyesha kuwa aliyeuza ni duka, si mtu. Meneja akihamishwa kesho, wajibu utabaki palepale.

Tatu, aya ya tatu imeyajibu mapema majibu ya mhudumu. Haikusema "mhudumu wenu alinijibu vibaya", wala haikunukuu tangazo la risiti. Imetaja tofauti ya iliyoletwa na iliyouzwa, ikaeleza maana ya sahihi, ikaendelea. Kwa njia hii meneja anaweza kukubali bila kukiri kuwa mhudumu wake alikosa, na njia ya kukubali bila fedheha ndiyo huharakisha mambo.

Nne, barua haisemi kuwa mwalimu ataibeba runinga hadi Nyeri. Kisheria, mnunuzi aliyekataa bidhaa kwa haki halazimiki kuirudisha mwenyewe isipokuwa palikuwa na makubaliano ya namna hiyo. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa. Hii ni faida kubwa, kwani kioo kikivunjika ndani ya matatu akiwa amejitolea kukibeba, mgogoro mpya ungezaliwa. Wajibu wake ni kukitunza vizuri, na barua imesema hivyo kwa wakati uliopo: "naitunza".

Tano, mnunuzi hakudai tofauti ya bei ya shilingi 5,000. Angeweza kuridhia kubaki na runinga ya inchi 40 na kurudishiwa kiasi hicho, na wengine hufanya hivyo kwa kuwa ni rahisi. Lakini akilitaja chaguo hilo katika barua hii, atakuwa amelidhoofisha tamko la kukataa. Duka litachagua njia iliyo nafuu kwake, yaani kutuma shilingi 5,000 na kuifunga faili. Mwandishi aamue kwanza anachotaka, kisha aandike.

Mipaka ya barua

Si kila mnunuzi aliyekosa ukubwa alioutarajia ana barua ya kuandika. Aliyeingia dukani, akaonyesha kidole runinga iliyo rafuni na kusema "nipe hiyo", kisha akafungiwa hiyo hiyo, hawezi kudai kuwa alidhani ni ya inchi 43 ikiwa kibandiko cha bei kilisema 40. Aliyeagiza kwa simu "runinga kubwa ya sebuleni" hakutoa maelezo yanayoweza kupimwa. Aliyepewa risiti inayosema "runinga 1" bila ukubwa yuko mahali pagumu: itambidi ategemee ujumbe wa simu, bei aliyolipa ikilinganishwa na bei za duka, au nambari ya modeli ikiwa imeandikwa. Kwa hiyo barua ya kubadilishiwa huanza kuandikwa siku ya kununua, mteja anapomwomba karani aongeze "inchi 43" kwenye risiti kabla ya kuipokea.

Barua ikishaandikwa, nakala moja ibaki kwa mwandishi. Akiipeleka kwa mkono, aombe nakala yake igongwe muhuri wa duka na kutiwa tarehe. Akiituma kwa simu, asiufute ujumbe. Tarehe 19 ikipita kimya, barua ya pili iwe fupi zaidi: itaje ya kwanza kwa tarehe yake, irejelee tamko la kukataa, na wakati huo ndipo kifungu cha 15 cha Sheria ya Mauzo ya Bidhaa kinapopata nafasi yake. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na ambamo mdai anaweza kujiwakilisha bila wakili. Huko, barua ya kwanza itasomwa tena na mtu asiyewajua wahusika. Kila "ndogo sana" na kila "mna mazoea" itakuwa imehifadhiwa humo pamoja na sahihi ya mwandishi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa rasimu na barua iliyosahihishwa hazitofautiani kwa umbo tu. Katika rasimu, sifa imechukua nafasi ya kipimo, hisia imechukua nafasi ya makubaliano, na ombi limemezwa na kitisho. Katika barua iliyosahihishwa, vipimo viwili vimewekwa bega kwa bega, kukataa kumetengwa na kuomba, na kitenzi kimenyambuliwa hadi kikaonyesha nani anafanyiwa nini. Kwa wahadhiri, zoezi linalopendekezwa ni kuwapa wanafunzi risiti, hati ya kupokelea mzigo na picha ya kibandiko cha mgongoni, kisha kuwataka waandike barua bila kutumia sifa hata moja ya ukubwa. Wakifaulu, meneja atakayeisoma barua hiyo atajua ni katoni ipi aitoe ghalani na ni ipi aifuate Karatina.